Shangazi, picha za wajukuu zimo kwenye WhatsApp hiyo hiyo uliyonayo

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mbagala, na miguu inaendeleaje na baridi hii?

Nimesikia kuwa unalalamika kwa mama kwamba mwanao wa Dubai hakutumii picha za wajukuu. Nimemuuliza, akasema anaziweka kila wiki. Nikamuuliza anaziweka wapi, akajibu: kwenye Status. Basi shida ndiyo hiyo. Picha ya Status hukaa saa 24 tu, kisha inatoweka. Wewe unafungua simu Jumapili baada ya ibada, picha iliwekwa Ijumaa asubuhi, utaiona wapi?

Watu watakushauri programu nyingine nyingi. Achana nazo. Nyingi zinataka barua pepe na nywila, na wewe nywila utaiandika kwenye kikaratasi kitakachopotea sokoni Tandika. WhatsApp inataka namba yako ya simu tu, na tayari unayo. Tena Dubai simu za kupigiana kwa WhatsApp zimezuiwa miaka mingi, ndiyo maana ukimpigia haishiki. Hajakukatia, shangazi. Picha na ujumbe wa sauti vinapita bila tabu.

Nimemwambia afungue kundi la watu watatu: yeye, mkewe na wewe. Linaitwa Wajukuu. Ukiliona, likandamize kwa kidole hadi libadilike rangi, kisha gusa alama ya pini inayotokea juu. Kuanzia hapo litakaa juu kabisa, hata kundi la kikoba na lile la msiba yakiandika meseji mia kwa siku.

Sasa suala la bando, maana najua unanunua la siku. Simu yako inapakua yenyewe kila picha inayotumwa kwenye kila kundi: salamu za asubuhi, maua, matangazo ya viwanja. Hizo ndizo zinazokula MB zako na kujaza simu. Siku mjukuu wako wa kike akija, mpe simu afanye hivi: aguse vidoti vitatu juu kulia, aingie Settings, kisha Storage and data, kisha When using mobile data, aondoe alama zote za tiki hapo. Kama simu yako iko kwa Kiswahili maneno yatakuwa tofauti, ila mpangilio ni ule ule.

Baada ya hapo usishtuke. Picha zitakuja zikiwa na ukungu, zikiwa na kimshale na ukubwa wake pembeni, tuseme 120 KB. Simu haijaharibika, wala macho yako hayana tatizo. Inasubiri ruhusa yako tu. Gusa kimshale, ukungu unaondoka. Picha nane za namna hiyo hazifiki hata MB moja. Video ni jambo jingine: ya dakika moja inaweza kula MB kadhaa, kwa hiyo tazama namba kabla hujagusa. Za maua ziache na ukungu wake.

Ila za wajukuu usiziache muda mrefu bila kuzigusa. Zikipita wiki nyingi, simu inaweza kukwambia haiwezi kupakua tena. Hapo hakuna fundi wa kuitengeneza. Mwambie mwanao aitume upya.

Kujibu hakuhitaji kuandika. Iburute picha kwa kidole kuelekea kulia, kisha kandamiza alama ya kipaza sauti na uzungumze huku umeshikilia. Ukiachia, imekwenda. Ukiachia mapema itakwenda nusu, na hilo si kosa, rekodi nyingine. Yule mdogo, baba yake anasema, husikiliza sauti yako mara tatu tatu.

Jambo moja nakuomba kwa heshima. Ukipata SMS yenye tarakimu sita kutoka WhatsApp, usimtajie mtu, hata anayeandika kwa jina langu na kusema zimekuja kwako kwa bahati mbaya. Akizipata anaichukua WhatsApp yako, kisha anaomba ndugu hela kwa jina lako. Nipigie simu ya kawaida kwanza.

Na ukitaka ile picha ya wajukuu wakiwa na sare za shule uisafishe uitundike sebuleni, usipeleke studio hiyo uliyopokea. WhatsApp huibana picha ili iwe nyepesi, na ikikuzwa sura zinafifia. Mwambie mwanao aitume tena, ila kabla ya kutuma aguse alama ya HD juu ya picha. Hiyo itakuwa nzito kidogo, ipakue siku yenye bando.

Msalimie mjomba.

Mpwa wako