"Tutajenga": nani na nani? Kusikiliza namna mchumba anavyozungumza juu ya kesho

Katika mafundisho ya wachumba kuna swali linalorudi mara nyingi, hasa kutoka kwa dada zetu: "Pasta, mchumba wangu akizungumza mambo ya mbele anasema 'mimi' tu. Nitanunua, nitahama, nitafungua duka langu. Je, mimi nimo ndani ya hayo maisha?" Swali hilo ni la haki. Maneno ya mtu juu ya kesho yanaonyesha ni nani anamwona pale anapofika. Lakini tukitaka kusikia vizuri, tuanze na Kiswahili chenyewe, kwa maana lugha yetu ina mitego yake.

Katika Kiswahili, tofauti kati ya "mimi" na "sisi" ni silabi moja tu mwanzoni mwa kitendo: nitajenga, tutajenga. Inapita haraka, na mwenye kusema mara nyingi hajui ameichagua. Tena "sisi" ya Kiswahili haisemi ni akina nani. Kijana akikwambia "tutajenga", inaweza kuwa yeye na wewe, au yeye na ndugu zake, wewe ukiwa nje. Fikirini neno "kwetu". Mtu aliyeoa miaka kumi akisema "naenda kwetu", mara nyingi haendi kwa mke wake. Anaenda kwa baba yake na mama yake. Hiyo "-etu" ni ya ukoo. Wanaochanganya na Kifaransa cha mjini hawajapona pia, kwa sababu ile "on" yao inaficha watu kuliko hata "tu" yetu.

Kwa hiyo kuhesabu "mimi" na "sisi" peke yake hakutoshi. Kuna "mimi" isiyo na ubaya wowote. Mtu akisema "nitamaliza masomo yangu" au "nitatafuta mkataba mwingine wa kazi", anasema kweli: hakuna anayeweza kumfanyia mtihani. Ruthu alipomwambia Naomi kwamba hatamwacha, alizungumza kwa "mimi" na "wewe" tangu mwanzo mpaka mwisho, na bado alijifunga kwa Naomi mpaka kaburini. Yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 pia alisema "mimi", lakini sikieni tofauti: ghala zake, mavuno yake, mali yake, na hata mtu wa kuzungumza naye ni nafsi yake mwenyewe. Katika mipango yake yote hakuna mtu wa pili. "Mimi" ya Ruthu inaelekea kwa mwingine, ya tajiri inajizunguka.

Mahali pa kusikiliza hasa ni yale mambo ambayo mtu aliyeoa hawezi tena kuyaamua peke yake: tutakaa wapi, pesa itawekwaje, watoto, na wazazi wa pande zote mbili. Hapo ndipo "nita-" inayorudi kila mara inaomba kuulizwa. Na msisahau "nitakujengea", "nitakununulia". Inasikika tamu, na wengi wanaipokea kama upendo. Pengine ni upendo kweli. Lakini ndani yake mmoja anatoa na mwingine anapokea, na anayepokea hajaulizwa anataka nyumba gani wala wapi.

Nitoe mfano mmoja. Nimebadilisha mambo machache ili wenyewe wasijulikane. Kijana ni dereva wa lori kwenye mgodi huko Kolwezi, binti ni muuguzi Likasi. Nusu ya mali ilikuwa imekwisha kutolewa. Nilimwomba kila mmoja, akiwa peke yake, anisimulie maisha yao miaka mitatu mbele, nami nikaandika vitendo tu. Kijana alisema: nitamaliza mali, nitamlipia masomo ya juu, tutajenga, mama atapata chumba chake. Binti alisema: tutaishi Kolwezi, watoto wetu watasoma huko, nitaendelea na kazi, likelemba yangu nitaiweka pembeni.

Binti alikuwa ameumizwa na zile "nita-" mbili za mali na masomo. Ile "tutajenga" ilimfariji. Walipokaa pamoja mbele yangu, nikamuuliza kijana swali moja tu: "Tutajenga, nani na nani?" Akajibu bila kusita: "Mimi na kaka zangu wawili, kwenye parseli ya marehemu baba, kule Likasi. Kila mmoja anatoa dola 100 kwa mwezi." Yaani dola 1,200 kwa mwaka zingeendelea kutoka kwenye nyumba mpya, kwa ajili ya jengo ambalo mke hajawahi kusikia habari zake, katika mji ambao yeye alikuwa anajiandaa kuuacha. Hakuwa anadanganya. Kwake neno "sisi" lilikuwa bado na watu walewale tangu utoto. Na zile "nita-" zilizomwumiza binti zilikuwa adabu tu: amelelewa kwamba mwanaume hahesabu pesa ya mwanamke.

Kijana naye akauliza: "Na hiyo likelemba yako ya pembeni?" Ni haki yake kuuliza. Kina dada wengi wanasikiliza "yangu" ya mwanaume kwa makini sana na hawaisikii ya kwao.

Jambo hili si la hisia tu. Siku ya ndoa ya komine, afisa anawauliza wachumba wamechagua mpango gani wa mali: mali yote kuwa ya wote wawili, ile tu inayopatikana ndani ya ndoa, au kila mmoja na yake. Wasipochagua, Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawahesabu katika huo wa pili. Wengi wanalisikia swali hili mara ya kwanza wakiwa wamevaa nguo za arusi, na wanajibu kwa aibu. Katika mpango huo wa pili, sehemu ya kijana wetu katika parseli ya urithi ingebaki yake peke yake, ingawa dola 100 za kila mwezi zingekuwa zinatoka kwenye mshahara wa ndani ya ndoa. Hapo "-angu" na "-etu" vinakuwa maandishi.

Basi mfanye nini? Msimkamate mtu kwa sentensi moja, wala msimwambie "wewe unasema mimi, mimi", maana kesho atasema "sisi" kwa mdomo ili kuwanyamazisha. Sikilizeni kwa wiki kadhaa, katika mambo yale niliyotaja, kisha ulizeni kwa upole: nani na nani? Anayewaza pamoja nawe atasimama, atafikiri, na mara ijayo mpango wenyewe utakuwa umebadilika. Anayebadilisha neno tu utamtambua: anasema "tutahama", lakini tarehe ameshaipanga. Na yule anayesema "watoto wetu" wiki ya pili ya kufahamiana, mwendee polepole. Kwa upande mwingine, mjane au mtu aliyeachwa siku za maandalizi anaweza kuogopa neno "sisi" kwa muda mrefu. Huyo mwangalieni matendo kwanza.

Wale wawili walisogeza arusi miezi minne. Kijana alienda kuketi na kaka zake, na mchango wake ukashuka mpaka dola 50, tena kwa mwaka mmoja tu. Binti alileta daftari la likelemba wakalisoma pamoja. Parseli ya Kolwezi bado wanaitafuta, na wamekubaliana kwamba fishi itaandikwa majina mawili.