Visikizi vya Mfupa: Chanzo cha Sauti Hafifu na Mvumo

Visikizi vya mfupa havizibi tundu la sikio. Vibamba vyake viwili hulala mbele kidogo ya masikio, juu ya mfupa wa shavu, vikatetema. Mitetemo hiyo hupitia mifupa ya fuvu hadi kwenye sikio la ndani bila kutegemea kiwambo cha sikio. Kwa hivyo, mguso baina ya kibamba na ngozi ndio unaobeba sauti. Ukilegea, besi hupungua na sauti ikawa nyembamba.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayenakili ngano alizozirekodi nyanjani, ambaye pia huvaa visikizi hivyo anapokimbia jioni. Upande wa kulia umefifia na unavuma kama nyuki, hata "sana" na "zana" zinamtatiza. Kuongeza sauti si dawa: mvumo huzidi, na sikio la ndani laweza kudhurika sawa na kwa visikizi vya kawaida.

Jaribio la kwanza ni kuziba masikio kwa vidole. Besi ikijaa ghafla pande zote mbili, vibamba vinatetema vyema. Huenda kelele za nje ndizo zilizokuwa zikiifunika sauti. Kwa mwanafunzi huyu, upande wa kulia ulisalia nyuma.

Jaribio la pili ni kukigeuza kifaa juu chini na kukishika kwa mikono, ili kibamba cha kulia kiguse shavu la kushoto. Udhaifu ukibaki kulia, huchunguzwa nywele zilizokaliwa, mkono wa miwani unaogusa kibamba, au upinde wa kisogoni uliokaa upande. Udhaifu ukihama, kasoro imo katika kifaa. Hapa ulihama.

Ndipo kibamba chenyewe kikaguliwe. Jasho likikauka huacha chumvi nyeupe ukingoni. Hiyo hupanguswa kwa kitambaa laini kilicholowa maji safi kidogo, kisha kifaa kikaachwa kikauke kabisa kabla ya kuchajiwa, kwa kuwa unyevu wenye chumvi huzilisha kutu pini za chaji. Kuchokora kwa sindano hutoboa kizuizi cha maji.

Baada ya kukauka, mwanafunzi alisikiliza tena kwa sauti ya nusu. Mvumo unaotokea tu sauti inapokuwa juu hutokana na besi kuzidi uwezo wa kibamba, na hutulizwa kwa kuipunguza. Wake uliendelea hata sauti ilipokuwa chini, na ukingoni palionekana ufa mwembamba. Hapo usafi haukutosha. Kifaa kilihitaji fundi au dhamana.

Alama ya IP67 isiwahadae watumiaji. Huthibitisha kwamba kifaa kilistahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30 katika maji yasiyo na chumvi. Jasho lina chumvi, na hurudi kila jioni.