Fahamu: ADX na uamuzi wa kufuata mwelekeo au kungoja bei irudi

ADX, kipimo ambacho J. Welles Wilder alikichapisha mwaka 1978, huonyesha nguvu ya mwelekeo wa bei bila kusema kama bei inapanda au inashuka, kwani hilo huonyeshwa na mistari miwili, +DI ya msukumo wa kupanda na -DI ya msukumo wa kushuka. Ikiwa +DI ni 30 na -DI ni 10, tofauti yao hugawanywa kwa jumla yao na kuzidishwa kwa 100, ikapatikana 50. Wastani uliolainishwa wa matokeo hayo, kwa kawaida wa vipindi 14, ndio ADX.

Kwa desturi, mwelekeo hufuatwa ADX ipitapo 25, na ishukapo chini ya 20 mfanyabiashara hununua karibu na sakafu ya bei na kuuza karibu na dari, akitarajia bei irudi kwenye wastani. Kati ya viwango hivyo ni busara kubaki na kanuni iliyokuwapo, la sivyo ADX inayoyumba itamlipisha ada bure. Hatari kubwa zaidi ni uchelewaji: bei ikivunja dari ghafla, ADX huweza kuwa bado 17, na aliyeuza hujikuta akipingana na mwelekeo mpya, ndiyo maana agizo la kukata hasara huwekwa juu kidogo ya dari.