Unapopewa kipaza sauti kumtambulisha mkubwa wako

Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, hospitali nyingi za wilaya Tanzania huandaa hafla. Kuna mishumaa, kiapo, risala na mgeni rasmi, ambaye mara nyingi ni Mkuu wa Wilaya. Siku hizi baadhi ya hospitali huwaalika pia wauguzi wastaafu wazungumze na vijana kazini. Hapo ndipo muuguzi wa miaka ishirini na minane huambiwa na bosi wake: “Wewe ndiye utakayemtambulisha mama.” Mama mwenyewe ana miaka zaidi ya sabini, amekuwa metroni tangu kijana huyu hajazaliwa, na huenda ndiye aliyempokea duniani katika wodi hiyohiyo ya wazazi.

Kijana akishika kalamu, mara nyingi huandika hivi: “Ndugu wageni, naomba niwaletee muuguzi hodari, mchapakazi, mwenye uzoefu mkubwa na nidhamu ya hali ya juu. Ingawa umri umesonga, bado ana nguvu na akili timamu. Leo atatueleza siri ya mafanikio yake. Karibu mama, una dakika kumi na tano.”

Kila neno hapo limesemwa kwa nia njema, na bado mama atainamisha macho mezani. Anayemsifu mtu kwa uhodari na nidhamu amejiweka mahali pa mkaguzi. Metroni ndiye aliyekuwa akiandika maneno hayo kwenye fomu za tathmini za wauguzi wadogo, na sasa mdogo anamjazia yeye fomu mbele ya watu. Ile “ingawa umri umesonga” inamaanisha kwamba akili timamu kwa umri wake ni jambo la kushangaza. Kumtangazia dakika zake kwa kipaza sauti ni kumwekea mipaka hadharani. Dakika huelezwa kwa simu siku chache kabla, kwa lugha ya kuomba.

Akishatahadharishwa kuhusu hayo, kijana huyohuyo hukimbilia upande wa pili: “Kwa heshima na taadhima, kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mtoto mdogo nisiyestahili hata kusimama mbele ya mama yetu mpendwa, mlezi wetu, nguzo yetu, taa yetu…” Ukihesabu sentensi za namna hiyo utakuta nyingi zinamzungumzia msemaji mwenyewe: udogo wake, woga wake, kutostahili kwake. Dakika mbili zinapita, na walioko viti vya nyuma bado hawajajua mgeni aliwahi kufanya kazi gani. Mama naye anasimama akiwa na mzigo wa kuwa taa na nguzo, wakati alikuja kueleza jinsi walivyokuwa wakizalisha akina mama usiku kwa mwanga wa kandili.

Njia ya kupita katikati ni kusimama kama shahidi. Shahidi haruhusiwi kumpima mtu, ila anaruhusiwa kusema alichofanya, lini na wapi, na mdogo yeyote anaweza kutoa ushahidi juu ya mkubwa wake bila kuvunja adabu. Tuseme kijana wetu amempigia mama simu wiki moja kabla, na maneno yake sasa ni haya:

“Wodi ya wazazi tunayofanyia kazi ilianza ikiwa na vitanda vinne. Aliyeifungua, mwaka 1979, alikuwa mkunga mmoja na wahudumu wawili. Alikaa nayo hadi alipostaafu mwaka 2008, na daftari la zamu tunalolitumia hadi leo tumerithi mpangilio wake. Mimi nilimkuta amekwisha kustaafu, lakini waliofundishwa naye ndio walionifundisha. Leo amekubali kuja kuzungumza nasi kuhusu zamu za usiku. Tumkaribishe Metroni…” na hapo anataja jina lake kamili, kisha ananyamaza.

Hamna sifa hata moja, lakini msikilizaji ameshajua mbele yake ameketi nani. Uhusiano wa kijana na mama umetajwa kwa sentensi moja: wala hakujifanya rafiki yake, wala hakujidhalilisha. Neno “amekubali” linafanya kazi kubwa kuliko “unyenyekevu mkubwa”, kwa sababu linaonyesha kwamba mama aliombwa na alikuwa na uhuru wa kukataa. Jina limewekwa mwisho ili makofi yamwangukie yeye. Na yote yamechukua chini ya dakika moja.

Katika ile simu kuna maswali matatu ya lazima: angependa aitweje, jambo gani angependa watu walijue, na jambo gani lisitajwe. La kwanza vijana wengi hulidharau, na ndilo lenye hatari zaidi, kwa kuwa mtu huwa na cheo anachokipenda kuliko vyeo vyake vikubwa. Julius Nyerere alikuwa Rais wa nchi na watu wakamwita Mwalimu. Seif Sharif Hamad alifika hadi Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar na akabaki kuwa Maalim. Majina ya utani yahitaji tahadhari zaidi. Ali Hassan Mwinyi aliitwa Mzee Rukhsa mitaani kwa miaka mingi, na mwaka 2021 jina hilo likawa juu ya jalada la kitabu cha maisha yake. Mwenyewe alikuwa amelikubali. Kama huna uthibitisho wa namna hiyo, jina la utani liache mtaani, hata kama ukumbi mzima unalijua.

Kuna tatizo jingine linalowababaisha vijana. Mkuu wa Wilaya huenda ana miaka arobaini, na metroni anaweza kuwa mama yake mzazi kwa umri. Unamtaja nani kwanza? Katika hafla ya kiserikali, salamu za kipaza sauti hufuata cheo: unaanza na mgeni rasmi, halafu viongozi walioambatana naye, halafu mama, kisha unasema itifaki imezingatiwa na kuendelea. Umri una nafasi yake nje ya kipaza sauti. Mama apokewe langoni, mkoba wake ubebwe, apewe kiti chenye egemeo karibu na jukwaa. Shikamoo yake mpe palepale mezani, kabla hafla haijaanza. Ukiisema kwa kipaza sauti, atalazimika kuitikia marahaba isiyosikika, na watu watadhani amekupuuza.

Mgeni rasmi mwenyewe si wako kumkaribisha. Mshereheshaji humwita mwenyeji, yaani Mganga Mkuu wa Wilaya au Mganga Mfawidhi wa hospitali, na huyo ndiye anayemkaribisha mgeni rasmi. Kijana anayeruka ngazi hiyo ataonekana amejikweza, hata maneno yake yawe matamu kiasi gani.

Utajua kama umefaulu kwa sentensi ya kwanza ya mgeni. Akianza kwa kusahihisha mwaka au kukana sifa ulizompa, au akisema “mmenisifu mno”, basi ulimpa kazi ya kujisafisha kabla ya kuanza. Akiingia moja kwa moja kwenye zamu za usiku, utambulisho ulikaa sawa. Akimaliza, mshukuru kwa kutaja jambo moja alilosema, kisha ukae. Usimfupishie wala usimfafanulie, maana watu wamemsikia.