Mvua Inaposomwa kwa Rangi

Chukua miji 8 ya Tanzania, andika wastani wa mvua wa kila mwezi: tayari una namba 96. Mtaalamu wa hali ya hewa atazichambua. Mkulima atafunua ukurasa unaofuata. Lakini namba hizo hizo zikipewa rangi, nyeupe kwa ukavu na buluu inayokolea kadiri mvua inavyozidi, sura ya mwaka hujitokeza kabla hata namba moja haijasomwa.

Rangi peke yake haitoshi, hata hivyo. Miji ikipangwa kialfabeti, Arusha hadi Tanga, buluu hutapakaa kama wino uliomwagika. Ipange kwa tabia ya mvua: Bukoba, Arusha, Tanga na Dar es Salaam juu, Tabora, Dodoma, Mbeya na Mtwara chini. Hapo kundi la juu linatoa mikanda miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, ingawa Bukoba haikauki sana katikati. Kundi la chini lina mkanda mmoja mpana, nao umekatwa vipande viwili, kimoja kila mwisho wa jedwali. Sababu ni Januari. Mvua za msimu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, zikiruka mwaka mpya. Jedwali likianzia Julai, vipande vinaungana.

Katika Excel, rangi hizi hupatikana kwenye `Conditional Formatting`, kisha `Color Scales`. Wengi hubofya chaguo la kwanza, kijani-njano-nyekundu, na hapo ndipo wanapokosea: wapo wasomaji, hasa wanaume, wasiotofautisha vizuri kijani na nyekundu, na mashine ya fotokopi hugeuza zote mbili kijivu kinachokaribiana. Rangi moja inayokolea haina shida hiyo.

Kosa lililojificha zaidi ni la Bukoba. Aprili mji huo hupata zaidi ya milimita 300, ilhali Dodoma hupata kama 130 katika Januari, wakati mashamba yake yameshika maji. Excel huipa namba kubwa kuliko zote buluu nzito kabisa, kwa hiyo Januari ya Dodoma inapauka kana kwamba mvua haijafika. Dawa yake ni kuweka kikomo: kwenye `Maximum` chagua `Number`, andika 200. Tofauti kati ya Aprili ya Bukoba na ya Dar es Salaam itapotea, na ufunguo wa rangi uliseme hilo waziwazi: "200 na zaidi".

Kuna visanduku vitupu pia. Mwezi ambao kipimo hakikusomwa hubaki mweupe, sawasawa na Juni ya Dodoma isiyo na tone. Vipake kijivu kwa mkono kabla ya kuchapisha.