Faida ya Mkopaji na Maingizo ya Riba katika Mkopo Uliopunguzwa Deni la Msingi na Riba

1.0 Utangulizi

Mkopaji anaposhindwa kulipa, mkopeshaji huweza kukubali kupokea pungufu ya anachodai badala ya kukamata dhamana na kuiuza kwa bei ya mnada. Makubaliano ya namna hiyo kwa kawaida huwa na sehemu tatu: deni la msingi hupunguzwa, kiwango cha riba hushushwa, na tarehe ya mwisho ya malipo husogezwa mbele. Katika vitabu vya mkopaji huzuka maswali mawili. Swali la kwanza ni kiasi gani cha nafuu hiyo kitambuliwe kuwa faida siku ya makubaliano. Swali la pili ni riba ya miaka inayofuata iandikwe kwa kiwango kipi, ilhali kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba mpya kiko chini ya bei ya soko.

Makala haya yanaonesha kuwa maswali hayo mawili ni swali moja lililogawanywa katika vipindi tofauti: kila shilingi inayotambuliwa leo kuwa faida zaidi ya fedha zilizosamehewa hurudi baadaye ikiwa gharama ya riba. Mjadala umejikita katika Kiwango cha Kimataifa cha Taarifa za Fedha namba 9, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018 na ambacho kampuni za Tanzania hukifuata. Utaratibu wa Marekani unatajwa kwa ulinganisho tu.

2.0 Mfano wa Uchambuzi

Chukulia kampuni ya kukoboa kahawa, ya kubuni, inayodaiwa na benki shilingi milioni 800 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka. Mkopo unaiva tarehe 31 Desemba 2023. Riba yote hadi siku hiyo imelipwa, lakini kampuni haina fedha za kurejesha deni la msingi. Siku hiyohiyo benki inakubali deni la msingi lishuke hadi milioni 640, riba iwe asilimia 8, na malipo ya deni la msingi yafanyike tarehe 31 Desemba 2026. Hivyo kampuni italipa riba ya milioni 51.2 kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu, kisha milioni 640. Benki haina hisa katika kampuni, na hakuna ada iliyotozwa.

3.0 Jaribio la Asilimia Kumi

Hatua ya kwanza ni kuamua iwapo masharti yamebadilika kwa kiwango kikubwa. Aya ya B3.3.6 ya Kiwango hicho inaagiza malipo yote ya mkataba mpya, pamoja na ada baina ya pande mbili, yapunguzwe hadi thamani ya sasa kwa kutumia kiwango halisi cha riba cha mkopo wa zamani. Matokeo hulinganishwa na thamani ya sasa ya malipo yaliyokuwa yamesalia katika mkopo wa zamani. Tofauti ikifika asilimia 10 au zaidi, mabadiliko huhesabiwa kuwa makubwa.

Kwa asilimia 14, thamani ya sasa ya riba mpya ni milioni 118.87, na ya deni la msingi jipya ni milioni 431.98. Jumla ni milioni 550.85. Malipo ya zamani yaliyosalia ni milioni 800, nayo yanaiva siku hiyohiyo. Tofauti ni milioni 249.15, yaani takriban asilimia 31. Kwa hiyo mkopo wa zamani huchukuliwa kuwa umekwisha na kuondolewa vitabuni, na mahali pake huingizwa mkopo mpya.

Ni muhimu kuzingatia kuwa kiwango cha asilimia 14 kimemaliza kazi yake hapa. Kinapima ukubwa wa mabadiliko tu. Hakipimi thamani ya mkopo mpya.

4.0 Kipimo cha Mkopo Mpya na Faida

Mkopo mpya huingizwa vitabuni kwa thamani yake ya haki siku ya makubaliano. Kiwango kinachohitajika ni kile ambacho mkopeshaji mwingine angemtoza mkopaji huyuhuyu, kwa sarafu hiyo, muda huo na dhamana hiyo. Kwa vitendo, mhasibu huanza na mapato ya hati fungani za serikali za muda unaokaribiana, kisha huongeza fidia ya hatari ya mkopaji. Katika mfano huu kiwango hicho kinachukuliwa kuwa asilimia 18.

Kwa asilimia 18, thamani ya sasa ya riba ni takriban milioni 111.3, na ya deni la msingi ni takriban milioni 389.5. Mkopo mpya unaingizwa kwa milioni 500.85, na ingizo la tarehe 31 Desemba 2023 ni hili:

Debiti: Mkopo wa zamani, milioni 800.00
Krediti: Mkopo mpya, milioni 500.85
Krediti: Faida ya kuondolewa kwa mkopo, milioni 299.15

Faida hii ina tabaka mbili. Milioni 160 ni deni la msingi lililosamehewa. Milioni 139.15 zilizobaki ni thamani ya kupewa mkopo kwa asilimia 8 wakati soko lingedai asilimia 18. Tabaka la kwanza ni msamaha wa kudumu. Tabaka la pili ni nafuu ambayo kampuni itaifaidi kidogo kidogo kwa miaka mitatu, lakini Kiwango kinaitambua yote siku ya kwanza.

5.0 Maingizo ya Riba ya Miaka Inayofuata

Kuanzia hapo gharama ya riba ya kila mwaka ni asilimia 18 ya thamani ya vitabuni ya mwanzo wa mwaka, si asilimia 8 ya milioni 640. Tofauti kati ya gharama hiyo na fedha zinazolipwa huongezwa kwenye mkopo. Jedwali lifuatalo linaonesha mwenendo huo kwa milioni za shilingi:

| Mwaka | Salio la mwanzo | Gharama ya riba | Fedha zilizolipwa | Ongezeko la mkopo | Salio la mwisho |
|---|---|---|---|---|---|
| 2024 | 500.85 | 90.15 | 51.20 | 38.95 | 539.80 |
| 2025 | 539.80 | 97.16 | 51.20 | 45.96 | 585.76 |
| 2026 | 585.76 | 105.44 | 51.20 | 54.24 | 640.00 |

Ingizo la tarehe 31 Desemba 2024 ni debiti ya gharama ya riba milioni 90.15, krediti ya benki milioni 51.20, na krediti ya mkopo milioni 38.95. Miaka miwili inayofuata hufuata mtindo huohuo. Tarehe 31 Desemba 2026 mkopo hudebitiwa milioni 640 na akaunti ya benki hukreditiwa kiasi hicho, bila faida wala hasara nyingine.

Jumla ya gharama ya riba kwa miaka mitatu ni milioni 292.75, wakati riba iliyolipwa kwa fedha taslimu ni milioni 153.60. Pengo lake ni milioni 139.15, yaani lile tabaka la pili la faida. Ukitoa gharama yote ya riba kutoka katika faida ya 2023, kinachobaki ni milioni 6.40. Hicho ndicho kiasi ambacho fedha zote zitakazolipwa, yaani milioni 793.60, zinapungua chini ya deni la milioni 800.

6.0 Ulinganisho na Utaratibu wa Marekani

Utaratibu wa Marekani kwa mkopaji mwenye shida unatokana na Tamko namba 15 la 1977 la Bodi ya Viwango vya Uhasibu wa Fedha. Hapo malipo ya baadaye hayapunguzwi hadi thamani ya sasa; hujumlishwa yalivyo na kulinganishwa na deni lililopo vitabuni. Kwa kuwa milioni 793.60 ni pungufu ya 800, mkopaji angetambua faida ya milioni 6.40 tu, na malipo yote yanayofuata yangepunguza mkopo bila gharama yoyote ya riba kuandikwa.

Kama riba mpya ingekuwa asilimia 9, jumla ya malipo ingefika milioni 812.80. Chini ya utaratibu huo kusingekuwa na faida yoyote, na milioni 12.80 za ziada zingegawanywa kuwa riba kwa kiwango kisichofika asilimia moja kwa mwaka. Taratibu zote mbili hufika matokeo yaleyale kwa jumla ya miaka. Zinachotofautiana ni mwaka gani unaonekana mzuri na upi unaonekana mbaya.

7.0 Makosa na Namna ya Kuyabaini

Kosa la kwanza ni kutambua msamaha wa milioni 160 pekee na kuendelea kuandika riba ya milioni 51.2. Mkaguzi hulibaini kwa kugawanya gharama ya riba kwa salio la mwanzo wa mwaka: jibu likiwa asilimia 8 kwa kampuni ambayo juzi ilishindwa kulipa mkopo wa asilimia 14, thamani ya haki haikupimwa.

Kosa la pili ni kutumia asilimia 14 ya jaribio kupimia mkopo mpya. Faida ingekuwa milioni 249.15, pungufu kwa milioni 50, na riba ya miaka yote mitatu ingekuwa ndogo kuliko inavyostahili. Kosa hili ni gumu kugundua kwa sababu jedwali lake nalo hufunga vizuri kwenye milioni 640. Ushahidi uko katika nyaraka: pasipokuwa na maelezo ya kiwango cha soko cha siku ya makubaliano, kuna sababu ya kushuku.

Kosa la tatu ni kudhani kuwa mabadiliko yasiyofika asilimia 10 hayana faida. Tuseme benki ingeshusha deni la msingi hadi milioni 760 na riba hadi asilimia 13. Thamani ya sasa kwa asilimia 14 ingekuwa milioni 742.36, tofauti ya asilimia 7.2. Mkopo wa zamani ungebaki vitabuni, lakini salio lake lingerekebishwa hadi kiasi hicho, faida ya milioni 57.64 ingetambuliwa mara moja, na riba ingeendelea kuhesabiwa kwa asilimia 14.

Jambo la mwisho linahusu nani anayesamehe. Mkopeshaji akiwa pia mwenye hisa na akatoa msamaha kwa nafasi hiyo, nafuu hupelekwa kwenye mtaji wa wenye kampuni, si kwenye faida.

8.0 Hitimisho

Faida ya milioni 299.15 haikuleta shilingi hata moja kwenye akaunti ya kampuni. Zaidi ya hayo, kadiri mkopaji anavyoonekana dhaifu, ndivyo kiwango cha soko kinavyopanda, mkopo mpya unavyopungua thamani, na faida inavyokua. Mwaka ambao kampuni ilishindwa kulipa deni lake unaweza kuwa mwaka wenye faida kubwa kuliko yote katika vitabu vyake. Bodi ikitangaza gawio kwa kutegemea faida hiyo, italipa kwa fedha ambazo hazipo, ilhali gharama ya riba inayozidi fedha inayolipwa inasubiri kupunguza faida ya 2024, 2025 na 2026. Kwa sababu hiyo, maelezo ya hesabu yanapaswa kutenganisha tabaka mbili za faida, kutaja kiwango cha soko kilichotumika, na kuonesha jedwali la riba hadi siku mkopo utakapoiva.