Namba Mbili Kabla ya Wafuasi

Wanaklabu wa habari, idadi ya wafuasi tuiache kwanza. YouTube ikionyesha picha ya jalada la video yenu mara 1,000, ikabofywa mara 60, hiyo ni asilimia 6. Si haba, nusu ya chaneli zote huwa kati ya 2 na 10.

Sasa tazameni muda wa wastani. Video ya fainali yenu ina sekunde 300, watu wametazama 60 tu. Jalada liliita, video ikafukuza. Fungueni grafu ya utazamaji: mstari ukiporomoka kabla ya sekunde ya 20, mara nyingi chanzo ni nembo, muziki na salamu ndefu (nami nilizipenda mno). Video ijayo ianze na bao. Ila watazamaji wakiwa kumi tu, akiondoka mmoja grafu inayumba, msiiamini bado.